Chai ya Majani ya Mlonge na Ugonjwa wa Sukari: Je, Mgonjwa Aache Vidonge Vyake?

SWALI:

Mama yetu ana miaka 58. Anaumwa sukari kwa miaka tisa sasa, na tangu miaka mitatu iliyopita ana tatizo la tezi ya shingo. Hospitali amepewa metformini na glibenklamidi kwa ajili ya sukari, na levothiroksini kwa ajili ya tezi. Miezi miwili nyuma ami yetu alimletea unga wa majani ya mlonge, akamwambia ni dawa ya Mtume, inamaliza sukari kwa siku arubaini, na asubuhi asile kitu kingine ila kikombe cha mlonge. Siku za mwanzo sukari ilishuka na mama akafurahi. Lakini kila ikifika saa tano asubuhi akawa anatoka jasho na kutetemeka. Ami akasema ni sumu zinatoka mwilini. Siku moja tulimpima katika hali hiyo, mashine ikasoma 3.1. Mama akaona keshapona, akaacha glibenklamidi, na metformini anakunywa akikumbuka. Jasho limekatika, ila sasa asubuhi sukari inasoma 12 na 13. Tena anachoka sana, anahisi baridi na choo kimekuwa kigumu. Je, chai hii inajuzu? Na tumwambie nini mama bila ya kumvunjia ami heshima?

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta’aalaa), na Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.

Tunamuomba Allaah Amponye mama yetu na Awalipe kheri kwa kumshughulikia.

Tunaanza na lililo la haraka. Jasho lile na kutetemeka si sumu inayotoka. Ni sukari iliyoshuka kupita kiasi. Mashine ikisoma chini ya 3.9, hiyo ni hatari, na 3.1 kwa mtu anayekunywa glibenklamidi ni jambo la kutibiwa papo hapo. Ikitokea tena, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, asubiri dakika 15, mumpime tena. Ikiwa bado iko chini, mrudie. Ikipanda, ale chakula ili isishuke tena. Akiwa amepoteza fahamu au hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Hukumu yake

Asili ya vyakula na vinywaji ni uhalali mpaka ithibiti dalili ya kukataza. Majani ya mlonge ni chakula kisafi. Yanapikwa kwa tui kama mboga nyingine za majani, yanakaushwa, yanasagwa na yanatiwa katika maji ya moto. Kuyanywa kunajuzu, na kujitibu kwa jumla ni jambo lililohimizwa katika Sunnah.

Ama kuuita mlonge dawa ya Mtume, hilo si sahihi. Mti huu haukutajwa katika Qur-aan, wala si miongoni mwa tiba zilizotajwa katika Hadiyth sahihi kama zilivyotajwa habbat-sawdaa, asali na hijaamah. Asili yake ni India ya kaskazini. Mtu anaweza kuutumia na ukamfaa kwa idhini ya Allaah, lakini asiuvishe jina la Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ili wagonjwa waone haya kuuliza. Kumnasibishia Mtume asilolisema ni jambo zito, hata kama nia ya msemaji ni njema.

Basi swali lenye uzito hapa si uhalali wa chai. Ni kauli mbili zilizofungamanishwa nayo: kwamba inamaliza sukari, na kwamba vidonge viachwe.

Je, mlonge unashusha sukari?

Ndani ya majani ya mlonge mna viambato ambavyo katika wanyama wa maabara vimeonekana kupunguza sukari ya damu. Hapo ndipo madai mengi yanapoanzia. Kwa binaadamu habari ni nyembamba zaidi, na tutataja tafiti mbili ili msomaji aone picha ilivyo.

Utafiti mmoja ulifanywa kwa Wasahrawi waishio katika kambi za wakimbizi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 17 wa sukari na watu 10 wazima walipewa mlo wenye gramu 20 za unga wa majani ya mlonge. Kwa wagonjwa, sukari baada ya mlo ule ilipanda kidogo kuliko ilivyopanda baada ya mlo usiokuwa na mlonge. Utafiti wa pili ulifanywa Thailand, ukachapishwa mwaka 2017. Watu 32 wenye sukari ambao walikuwa hawajaanza dawa yoyote waligawanywa makundi mawili: kundi moja likapewa vidonge vya majani ya mlonge, gramu 8 kwa siku kwa wiki nne, na kundi jingine vidonge visivyo na kitu. Mwisho wake, hapakuwa na tofauti ya maana ya sukari baina ya makundi hayo.

Zingatieni vipimo hivyo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa mlonge ni takriban gramu 2 hadi 3. Gramu 20 ni vijiko saba au zaidi kwa mlo mmoja. Aliyekunywa vijiko vitatu kwa siku ndiye aliyekaribia kiwango cha Thailand, ambacho hakikubadilisha kitu. Na anayekunywa chai ya kuchuja, akayatupa majani, anapata kidogo zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya jani inabaki katika chujio. Kwa hiyo anayesema kikombe kimoja cha chai ya mlonge kinamaliza ugonjwa wa sukari amesema jambo ambalo tafiti hizi hazilibebi.

Pengine mtu atauliza: mbona kwa mama sukari ilishuka? Tuzitazame asubuhi zake. Alikuwa akimeza glibenklamidi, kisha akanywa kikombe cha mlonge kisicho na sukari, na hakula mkate wala muhogo. Glibenklamidi inafanya kazi kwa kuisukuma kongosho itoe insulini, na haijali kama mwenyewe amekula au hakula. Kidonge kinachomezwa kwa ajili ya chakula kikikosa chakula, kinaila sukari iliyomo katika damu. Saa tano ndiyo jasho likaja. Kidonge kimefanya kazi, jani likasifiwa.

Kuna na sababu nyingine inayowadanganya wengi. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, anaingiza vijiko tisa, yaani takriban gramu 36 za sukari. Akiacha chai hiyo akanywa mlonge mtupu, vipimo vyake vitashuka hata kama ndani ya kikombe mngekuwa na maji ya moto tu. Faida hiyo ni ya kweli, na tunamshukuru Allaah kwayo, ila imetokana na sukari iliyoachwa.

Vidonge vya sukari haviko sawa

Si kila kidonge cha sukari kina khatari ileile kikikutana na mlonge. Metformini ikinywewa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, kwa sababu haiilazimishi kongosho kutoa insulini. Glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi ni kundi jingine. Hizo zinaweza kushusha mpaka mtu akazimia, na kubwa yao kwa khatari hiyo ni glibenklamidi, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu, khasa kwa wazee na wale ambao figo zao zimedhoofu. Sindano ya insulini nayo ina hukumu hiyo hiyo.

Mwenye kutumia dawa za kundi hili la pili, au insulini, asianze unga au vidonge vya mlonge bila ya kumwambia daktari wake, na asianze wakati huohuo kupunguza chakula. Vikikutana vitatu, yaani kidonge, mlonge na tumbo tupu, kushuka kunaweza kuja ghafla. Alama zake ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, maneno kuchanganyika au hasira isiyo na sababu. Kwa mzee inaweza kuonekana kama usingizi tu. Dawa ya shaka ni kumpima.

Liko na upande wa pili, nao ndio uliompata mama baadaye. Kuacha glibenklamidi kuliondosha jasho, ikadhaniwa ni kupona. Kumbe sukari ilipanda mpaka 12 na 13 asubuhi kabla ya kula, wakati 7.0 kwa kipimo cha namna hiyo tayari ni kiwango cha ugonjwa. Sukari ya 13 haitetemeshi mtu. Inakaa kimya na inakula macho, figo na mishipa ya miguu. Ndiyo maana kukosa maumivu si dalili ya kupona.

Jambo jingine la kutahadhari: katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa zinazouzwa kwa jina la mitishamba zikiwa zimechanganywa na dawa za hospitali za kushusha sukari, bila ya kuandikwa. Ikiwa unga au kidonge cha “mlonge” kinashusha sukari kwa kasi ndani ya siku mbili tatu kwa mtu aliyekula kama kawaida yake, hiyo ni sababu ya kukitilia shaka. Kiwekeni pamoja na pakiti yake, mpelekeeni daktari, na habari ifike kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Majani mliyoyachuma wenyewe uani na kuyakausha kivulini hayana shaka hiyo. Na maneno yetu yote hapa ni ya majani tu. Mizizi na magome ya mlonge yana sumu, yasitumiwe.

Tezi ya shingo

Uchovu, kuhisi baridi na choo kigumu ni dalili zinazojulikana za tezi iliyopungukiwa na homoni. Kwa mama, jambo la kwanza la kuuliza ni namna anavyokimeza kidonge cha levothiroksini. Wengi wa wagonjwa waliopewa mlonge wanakunywa vyote kwa pamoja baada ya Swalaah ya Alfajiri, kidonge kikisukumwa na kikombe cha mlonge kwa sababu vyote viwili ni “dawa za asubuhi.”

Levothiroksini ni dawa yenye aibu ya kuchanganyika. Inataka tumbo tupu na maji matupu, kisha mtu asubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa chai. Madini ya chuma na chokaa yanaikamata tumboni ikashindwa kuingia katika damu, na ndiyo maana madaktari wanaamrisha vidonge vya madini hayo vikae mbali nayo kwa saa nne. Unga wa majani ya mlonge unasifiwa kwa kuwa na chuma na chokaa nyingi. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoufanya usifae kukaa kikombe kimoja na levothiroksini. Tahadhari ya saa nne ifuatwe nao vilevile.

Kuna na uchunguzi wa India, uliochapishwa mwaka 2000, ambamo panya majike waliopewa dondoo la majani ya mlonge walipungukiwa na homoni ya tezi aina ya T3, na aina ya T4 ikaongezeka. Levothiroksini ni T4, na mwili wa mgonjwa unategemewa uigeuze kuwa T3 ndipo ifanye kazi. Panya si binaadamu, na hatusemi kwamba kikombe cha chai kitamfanyia mtu hivyo. Lakini ni sababu ya kutosha kwa mwenye kutumia levothiroksini asinywe mlonge mwingi kila siku bila ya kupimwa. Kipimo chake kinaitwa TSH, na kinafaa kurudiwa wiki sita hadi nane baada ya badiliko lolote, kwa sababu kabla ya hapo matokeo hayajatulia.

Wengine wana tezi inayofanya kazi kupita kiasi na wamepewa kabimazoli. Hao wasiuchukue uchunguzi huo wa panya kuwa ni ruhusa ya kuacha kidonge na kushika mlonge. Tezi iliyozidi ikiachwa bila ya dawa inaweza kuuvuruga mpigo wa moyo.

Mama afanye nini sasa

Kwanza, asimamishe unga wa mlonge kwa sasa. Si kwa kuwa ni haramu, bali ili ijulikane kipi kinafanya nini. Metformini airudie kama alivyoandikiwa. Kuhusu glibenklamidi, kwa kuwa ameshapata 3.1, aende kliniki kesho au keshokutwa aulizie kipimo chake, wala asijipangie mwenyewe. Achukue pakiti zote za vidonge, mfuko wa mlonge na karatasi mlioandika vipimo. Aombe kipimo cha figo, TSH, na kile cha HbA1c, ambacho kinaonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu.

Daktari akishampanga upya, asubuhi yake iwe hivi. Akiamka kwa ajili ya Alfajiri, ameze levothiroksini kwa glasi ya maji tu. Aswali, asome nyiradi zake, na saa nzima ipite. Kisha apime sukari. Baada ya hapo avinywe vidonge vya sukari kama alivyoelekezwa na ale chakula cha asubuhi wakati huohuo, asikiruke. Ikiwa daktari hana pingamizi na mama bado anaupenda mlonge wake, anywe kikombe kimoja cha chai ya kuchuja mchana pamoja na chakula, zikiwa zimeshapita saa nne tangu kidonge cha tezi. Kula majani yaliyopikwa kama mboga ya mchana ni vizuri zaidi, kwa sababu yanakuja na mlo.

Akitaka kujua kama mlonge unamsaidia, kuna njia ya uadilifu. Vidonge vibaki vilevile, chakula kibaki kilekile, aandike sukari ya asubuhi kwa wiki mbili bila ya mlonge na wiki mbili nyingine akiwa nao. Kipimo cha siku moja si hoja, kwani sukari ya mtu hupanda na kushuka kila siku. Vikipungua kweli, karatasi hiyo apelekewe daktari, naye ndiye atakayepunguza kidonge. Kupunguza kidonge kunatanguliwa na kipimo, hakutanguliwi na ahadi ya muuzaji.

Ikiingia Ramadhaan, mashauriano yafanywe mapema, kwani Allaah Amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa analisha masikini. Akiruhusiwa kufunga, kujipima kwa tone la damu la kidole hakubatilishi Swawm. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue wakati huohuo, hata kama Magharibi imebaki robo saa. Kujitia katika maangamizi si katika ‘Ibaadah.

Ama ami yenu

Ami ni mahali pa baba, na hapana shaka alilomletea mama amelileta kwa mapenzi. Msimkabili mbele ya watu. Mwonyesheni karatasi ya vipimo: 3.1 ya saa tano, kisha 13 ya asubuhi. Mwambieni kwa upole kwamba hakuna aliyeudharau mlonge wake, bali kuna vidonge viwili ambavyo yeye hakuwa na khabari navyo.

Mkumbusheni pia kwamba Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amefundisha kuwa anayewatibu watu naye hajulikani kwa elimu ya tiba, anabeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Kumpa jirani majani ya mlonge ni hisani. Kumwambia aache kidonge ni kutibu, na hapo dhamana inaanza. Anayeuza na kuapa kwamba unamaliza sukari kwa siku arubaini ameingia katika ghishi, ambayo Mtume ameikemea vikali.

Na akisema kwamba vidonge ni upungufu wa tawakkul, mjibuni kuwa Mtume alimwelekeza yule mwenye ngamia amfunge kwanza kisha amtegemee Allaah. Kidonge cha mama, chakula chake cha asubuhi na mashine yake ya kupimia ndiyo kamba. Mwenye kuponya ni Allaah peke Yake.

Wa-Allaahu A’lam.